Upepo wa Nyumba ya Wifi

Dhahabu ilipopamba moto, mume wangu alikuwa akinunua vumbi la dhahabu kwa wachimbaji, akajenga nyumba ya bloku kwenye kituo chetu cha biashara, chini bondeni kuelekea Mto Mara. Niliichagua rangi mwenyewe. Niliomba paa likatwe sawasawa na ukuta, ili watu wa barabarani waone plasta na vioo vyangu bila kivuli cha kuvificha. Upande wa nyuma hatukuweka dirisha hata moja. Katika nyumba yenye dhahabu ndani huwezi kuwaachia wezi mlango wa pili.

Mwaka uliofuata wifi yangu, dada wa mume wangu, alistaafu ualimu akarudi kutoka Tanga, alikokuwa amepangiwa kazi miaka mingi. Akajenga ng'ambo ya barabara. Nilicheka nilipoona msingi. Vyumba vilizunguka ua mdogo katikati. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma, nene kuliko za ghala. Paa lilichomoza mbele hata ukuta ukakaa kivulini mchana kutwa.

"Anajenga zizi," nilimwambia mume wangu.

Kicheko kiliisha mama mkwe alipoanza kuhamia huko. Kwangu alikuwa akilala mchana kwenye kochi la kitambaa chekundu, jasho likimtoka shingoni. Kwa wifi alikaa mkekani kwenye baraza ya ndani, khanga mabegani. Kiangazi au masika, ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ikija mimi hufunga vioo mbio, nyumba inageuka chungu kilichofunikwa. Wifi haendi hata kwenye dirisha. Maji yanadondoka mbali na ukuta, hewa inaendelea kupita.

Nilikuwa nikisimama nyuma ya pazia nikiwatazama. Nilijua mama anakula nini, anacheka mara ngapi. Mgeni akifika kituoni anamuulizia mama, anaelekezwa kule. Nilikuwa nimemuuguza yule mama, nimemwogesha, na sasa anapenda nyumba isiyo hata na kioo cha rangi.

Nikaamua. Siri ni unene wa ukuta, nikasema. Mume wangu alipouza mzigo mzuri, nilimwita fundi aongeze chumba cha mama, ukuta wa tofali mbili. Dirisha moja dogo, upande wa barabara.

Mama alikuja siku ya Jumapili baada ya ibada. Mchana chumba kilikuwa baridi kweli, nikatamba kimoyomoyo. Jua lilipozama, kuta zikaanza kurudisha joto zililokunywa kutwa nzima. Kabla ya chakula cha jioni mama alikuwa mlangoni amebeba mto wake.

"Mwanangu, humu napumua hewa ya jana," akasema, akavuka barabara.

Nililia jikoni. Kesho yake asubuhi wifi akaja. Nilimpokea kwa jicho la kumwambia arudi, naye akajifanya hajaliona. Akaingia chumbani, akagusa ukuta.

"Ukuta huu si mbaya, wifi. Lakini hewa ikiingia hapa, itokee wapi?"

"Unataka nitoboe nyuma, wezi waingie?"

"Ndiyo maana nina ua. Madirisha yangu makubwa yanatazama ndani, nayaacha wazi usiku kucha. Upepo unaingia kwa upande wa magharibi, kuliko na ziwa, kupitia matundu ya juu, yenye nondo, unatokea uani. Usiku ndipo ukuta unapopoa. Usipoupoza usiku, kesho utaanza ukiwa na joto."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuwa najenga?"

"Ungenisikiliza?"

Nilimchukia zaidi kwa kusema kweli.

Ilinichukua hadi mvua za vuli kuyameza maneno yake. Tukazungushia ukuta nyuma ya nyumba, tukapata ua mdogo. Tukatoboa chumbani kwa mama dirisha kubwa la kuuelekea, likitazamana na lile la barabarani, na matundu chini ya paa ili joto lililopanda lipate pa kutokea. Paa tukalivuta mbele kwa bati jipya. Plasta yangu ikaingia kivulini, vioo havionekani tena kutoka barabarani.

Mama akarudi kulala. Siku moja akaamka jua limekwisha kuchomoza, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya. Nilimletea uji nikisubiri neno lolote.

Walikuwapo ndugu kutoka ng'ambo ya mpaka, wamekuja kumsalimu. Baada ya shikamoo, mmoja akasifu ubaridi wa chumba.

"Eeh," mama akasema kwa fahari. "Nyumba nzuri. Imejengwa kama ya binti yangu."

Nikamwongezea uji, nikatoka nje ili wasione uso wangu.