Jokofu la Pili na Barua ya Kwanza ya Kimya

Mimi hasira zangu ziko puani, kila mtu pale stoo anajua. Kwa hiyo Jumatatu ile barua pepe ya Kimya ilipoingia, mwenzetu Sharubu aligeuza kiti chake akaniangalia mimi kwanza, hata kabla hajaisoma, aone nitalipuka saa ngapi.

Kimya tulimpa jina hilo sisi wenyewe. Miaka tisa tumekaa meza moja kwenye stoo ya chanjo ya hospitali, tumekula sahani moja, tumebebeana zamu. Alipofiwa na mama yake, mimi ndiye niliyelala kwake siku saba. Mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "haya basi". Ijumaa wakamtangaza msimamizi wetu. Nilipiga vigelegele mpaka mfamasia mkuu akatoka ofisini kwake kuuliza kuna harusi ya nani.

Sasa tulikuwa tunangoja barua yake. Kila msimamizi mpya huandika: nashukuru kwa imani, tushirikiane, mlango wangu uko wazi. Sharubu alikuwa ameshatunga majibu ya kumtania.

Akaanza kusoma kwa sauti, akijifanya mtangazaji wa redio:

"Wenzangu. Kuanzia leo hakuna mtu kuandika joto la jokofu ambalo hajalisoma kwa macho yake. Najua tunavyofanya. Ijumaa tunajaza na Jumamosi na Jumapili, asubuhi na jioni, nyuzi nne, nne, nne, nne. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Nimehesabu kurasa zangu, ni thelathini na moja, na nimeziorodhesha hapa chini."

Sauti ya redio ikamfia kooni. "Ala! Huyu amechanganyikiwa?"

"Endelea," nikamwambia.

"Saa sita mchana nitapeleka taarifa kwa mfamasia mkuu. Jina langu litakuwa la kwanza. Anayetaka kuandika zake mwenyewe aniandikie kabla ya hapo. Sitamtaja mtu. Mazoea haya nilifundishwa wiki yangu ya kwanza, na aliyenifundisha sitamtaja pia."

Jamani! Damu ilinipanda kichwani. Aliyemfundisha ni mimi. Nilimshika mkono siku ile, bado mgeni, nikamwambia, "Mdogo wangu, andika nne. Majokofu haya hayajawahi kutuangusha. Nani atatoka kwake Jumapili kuja kusoma namba?" Na leo, siku ya kwanza tu kwenye kiti, anatuanika juani! Na mimi nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu.

"Nyani haoni kundule," nikasema, na nikasema kwa sauti ili asikie huko ofisini kwake. "Cheo hakijapoa, tayari ametusahau! Ngoja nimwendee. Leo ataniambia mimi ni nani."

"Dada, bado haijaisha," akasema Sharubu. Akamalizia, safari hii kwa sauti yake ya kawaida:

"Kwa nini leo: nimepewa neno la siri la kile kifaa kidogo kinachorekodi joto ndani ya majokofu. Nimekifungua asubuhi. Jana Jumapili, kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, jokofu la pili lilishuka mpaka nyuzi hasi nne. Karatasi yetu inasema nne. Bahati nzuri, kwa mujibu wa kadi ya mzigo, humo ndani kulikuwa na chanjo za surua na polio ya matone tu, ambazo hazidhuriki zikiganda. Hatujapoteza kitu. Lakini ni bahati tu."

Sharubu akashusha pumzi. "Afadhali. Si umesikia? Hatujapoteza kitu."

Mimi nilikuwa nimesimama, mkono mmoja kiunoni, tayari kwa vita. Nikakaa.

Ijumaa jioni ulikuja mzigo mpya, jokofu la kwanza likajaa mpaka mlango haufungi. Nikatoa maboksi mawili ya chanjo za watoto, zile za pepopunda na kifaduro, nikayahamishia jokofu la pili. Kadi nikasema nitaandika Jumatatu. Nikajaza nne zangu, nikachukua mkoba, nikaenda zangu nyumbani. Chanjo zile zikiganda ndiyo basi tena. Zikiyeyuka huwezi kuzitambua kwa kuziangalia, na mtoto hazimkingi. Mama yake anarudi nyumbani moyo mweupe, akidhani mwanawe amekingwa.

Na boksi moja nilikuwa nimelitoa asubuhi ile ile, saa moja na nusu. Mimi mwenyewe. Nimelipakia kwenye gari la zahanati, nimetia saini, nimemwambia dereva safari njema.

Hakuna aliyejua. Kadi ilinisafisha, barua ya Kimya ilinisafisha. Ningenyamaza ningestaafu na keki na hotuba. Nakiri, nilikaa na wazo hilo. Si kwa muda mrefu, lakini nilikaa nalo, na aibu yake bado ninayo.

Nikachukua simu, nikapiga zahanati.

"Muuguzi wa chanjo? Boksi la leo usilifungue! Usimchome mtoto!"

"Makubwa! Mbona hivyo? Nimeshachoma wawili. Wa tatu huyu hapa mapajani kwa mama yake, nimeshavuta dawa."

"Iweke chini. Iweke chini, nakuomba. Iliganda. Boksi lote litenge, na hao wawili niandikie namba za simu za mama zao."

Nikasikia sindano ikiwekwa kwenye sinia. Halafu akauliza, polepole, "Nani kasema iliganda?"

"Mimi."

Nilipoweka simu, Sharubu alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nikavuta kibodi, nikaijibu barua ile kwa wote, vidole vinakosea herufi: "Aliyemfundisha Kimya ni mimi. Kurasa zangu sijui ni ngapi, ni miaka ishirini na miwili. Ijumaa niliweka maboksi mawili ya chanjo za watoto jokofu la pili, sikuandika kwenye kadi. Moja lipo, litengwe. Moja lilikwenda zahanati, nimelisimamisha. Watoto wawili wameshachomwa."

Nikabonyeza. Mara nikasikia kiti kikisukumwa ofisini kwa msimamizi, na Kimya akatokea mlangoni, uso umemparama.

"Dada," akasema. "Wawili?"

"Wawili."

Nilingoja anifokee. Natamani angenifokea. Akaenda jokofu la pili, akalibandika karatasi ya USITUMIE, akarudi na kiti chake mwenyewe, akakaa mezani petu, mahali pake pa zamani.

"Haya basi," akasema. "Tuwapigie."

Saa sita taarifa ilikwenda. Majina mawili, lake la kwanza. Sharubu na wenzake walikuwa wameinamia maboksi, wanahesabu ambayo yalishahesabiwa. Yatakayonipata sijui, mfamasia mkuu ameniita kesho.

Lakini lililonimaliza si hilo. Mama wa kwanza nilimpata saa saba kasoro. Nikamweleza yote, kosa ni langu, chanjo haikufaa, mtoto itabidi achomwe tena. Nikafumba macho nikingoja matusi, maana mimi ningetukana.

"Ahsante sana, mama," akasema. "Ahsante kwa kutujali."