Kibuyu Kilichoshindwa na Kipande cha Mti

Nilikuwa nimetoka Walikale kuosha mawe ya kasiterite, yale ya madini ya bati, na kabla ya hapo nilipakua malori kule Hombo. Mwaka ule nikajikuta nimerudi kwetu Masisi, nikipiga randa katika karakana ya misheni. Shule niliiacha mapema, lakini kila jambo lililofundishwa upande wa pili wa ukuta nilitaka kulijua.

Binamu yangu alikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya walimu iliyokuwa nyuma ya ukuta huo. Alibakiwa na somo moja la majaribio mbele ya padri aliyefundisha hesabu na fizikia. Akifaulu, angepewa darasa. Akishindwa, angerudi kulima maharagwe kwa baba yake, na baba yake alikuwa tayari amempimia shamba.

Padri alimpa somo la vitu vinavyobingirika. Binamu akanieleza tukiwa karakanani, kwa furaha ya mtu aliyeelewa kitu jana tu. Kitu kinachoteremka hupata nguvu ya mwendo kutokana na kimo chake, nayo hugawanywa: sehemu ya kwenda mbele, sehemu ya kuzunguka. Pete, uzito wake wote uko pembeni, kwa hiyo nusu ya nguvu humezwa na kuzunguka. Kipande cha mti kilichokatwa kama sahani kina uzito hata karibu na kitovu, na sehemu hiyo ya ndani huzunguka polepole, kwa hiyo kuzunguka hula theluthi moja tu. Mpira hula sehemu mbili katika saba.

"Kwa hiyo mupira itafika wa kwanza," alisema. "Pete itafika nyuma."

"Hata kama pete iko nzito?"

"Hata kama iko nzito, hata kama iko kubwa. Haiangalie uzito, inaangalia fasi uzito inakaa, pembeni ao katikati."

Sikumwamini, na ndiyo sababu nilikubali kumsaidia. Nilimpa pete ya chuma ya pipa, nikamkatia sahani ya mti kwa msumeno. Mpira alijitafutia mwenyewe: kibuyu kikavu, mviringo kabisa, alichokikata shingo na kuziba tundu kwa kizibo cha mti.

Siku ya kujipima aliwaita wenzake wa darasa. Tuliegemeza ubao mrefu juu ya meza, akaviachia vitatu pamoja. Sahani ikafika kwanza, kibuyu kikafuata, pete ikaja nyuma.

"Mwalimu," mmoja wao akasema, "mupira yako ilisimama njiani kuomba maji?"

"Iko nyepesi mno," mwingine akasema. "Mujaze maharagwe."

Sisi watu wa Masisi tunaamini maharagwe hurekebisha kila kitu. Tulikijaza karibu mpaka juu, tukakiachia tena. Safari hii kilienda kikiyumba, maharagwe yakigongana na kusuguana ndani, kikafika hata baada ya pete. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Binamu hakucheka. Alimwaga maharagwe, akabaki ameshika kibuyu kitupu, akikigeuzageuza.

"Uzito yake yote iko kwa nganda," alisema mwishowe. "Ndani hakuna kitu. Hii haiko mupira ile ya kitabu. Hii iko ndugu ya pete."

Akachora hesabu kwa mkaa kwenye ubao wangu wa kazi. Kwa mpira mtupu wenye ganda jembamba, kuzunguka hula mbili katika tano. Kwenda mbele hubaki tatu katika tano, na sahani hubaki na mbili katika tatu, ambazo ni nyingi zaidi. Kibuyu kilikuwa kimeshindwa kwa haki. Nikamchongea mpira wa gogo lisilo na tundu. Jioni hiyo hiyo uliipita sahani, tukarudia mpaka padri akatuma mtu kuuliza kelele ni za nini.

Siku ya somo nilisimama dirishani na randa mkononi, nikijifanya napumzika. Mpira ulifika kwanza, sahani, kisha pete, tofauti ndogo lakini ya kuonekana. Padri, aliyesema Kiswahili kama sisi, akamwuliza kwa nini hakutumia mpira wa watoto, ule wa hewa.

"Ningeshindwa, Papa Padri," binamu akajibu. "Nilishashindwa na kibuyu." Akaeleza yote, hata maharagwe.

Padri alicheka, akamwomba arudie habari ya maharagwe kwa sauti ili darasa zima lisikie. Kisha akaandika alama.

Binamu alipewa darasa kwenye kilima cha pili kutoka kwao. Baba yake alinung'unika kidogo juu ya lile shamba, halafu akamwachia mdogo wake binamu. Jumapili mama yao alitupikia, tukala tukishindana kuhusu kama yai bichi lingeshinda yai lililochemshwa. Yalipatikana mayai mawili na ubao. Mama akatuambia, kwa sauti ya chini, tuyarudishe tulipoyatoa.