Ngozi ya Tuta

Mke wangu alikataa katakata kutia mbolea yetu kwenye bustani yake ya Naviundu. Kila mtu alijua tunavyoitengeneza: takataka za mji na majani, tabaka kwa tabaka, pamoja na kinyesi cha ndoo za vyooni. Alisema hatawauzia watu mboga ya lengalenga yenye minyoo. Majirani walimcheka, mume ni kapita, msimamizi wa uwanja wa mbolea, na mke ananunua samadi ya ng'ombe. Iliniuma sana.

Maana nilijivunia moto wangu. Kipimajoto kirefu, nikikichomeka katikati ya tuta la mbolea, kilipita digrii sitini. Ratiba ilitaka mimi na vibarua wangu tuyageuze matuta kila baada ya siku chache, lakini tuta likigeuzwa hupoa kwanza, nami sikutaka mzungu wa afya, mkaguzi wetu, akute joto limeshuka. Basi alipokaribia kuja, tuliyaacha matuta yatulie. Nani atavuruga chungu kinachochemka vizuri?

Inzi wakajaa mpaka kwenye chakula chetu. Mzungu wa afya alikuja amekasirika, akasema wasipokwisha uwanja utafungwa, turudi kuchimba mashimo ya taka. Nikamwonyesha kipimajoto changu. Hakukitazama. Alichukua koleo, akabandua upande wa tuta kidogo tu, na funza wakamwagika, wanene na wenye afya kunishinda.

"Kipimo yako inapima tumbo," aliniambia. "Inzi iko inazaliwa ku ngozi."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kesho yake tulibandua ngozi ya kila tuta, tukailaza iwe moyo wa tuta jipya, kisha tukaifunika kwa lile tumbo la zamani lenye moto. Palipokauka tulinyunyiza maji, kiasi cha kulowa bila kuchuruzika ukikamua kiganjani. Joto lilishuka, na roho yangu ikashuka nalo. Halafu likapanda tena, likapita hamsini na tano na kubaki huko. Tukageuza tena na tena, ili kila konzi ipate zamu yake motoni, nami sasa nilipima sehemu nyingi, si pale paliponisifu tu.

Inzi walikwisha. Matuta yalipoiva, mzungu alipeleka mbolea kupimwa kwa hadubini, na jibu likaja kwamba mayai ya minyoo yote yamekufa. Nilicheza uwanjani na koleo mkononi, mtu mzima, wala sikuona haya.

Jioni nilibeba kikapu kimoja cha mbolea hiyo hadi nyumbani. Mke wangu aliinusa, akaifikicha, akainusa tena. Ilikuwa nyeusi, ikinukia udongo wa mvua. Jirani, yule mcheshi kuliko wote, alisogea uani akauliza kama naye anaweza kupata gunia moja.

Mke wangu hakumgeukia.

"Papa," aliniambia, "kesho unileteye ma-sac mbili. Huyu atangoya kwanza."