Nyota Mbili na Jina la Abubakari

Arafa Abubakari hakuwa mtu wa kuamini jambo eti kwa kuwa limesemwa kwa sauti kubwa. Hata maziwa ya dukani huyanusa kwanza, tarehe baadaye. Kazini kwake katika mji wa Maple Grove, ughaibuni, anakopokea simu za watu waliokwama na kompyuta, Stacy wa meza ya jirani humwita Miss Wait-a-Minute, yaani Bi Ngoja-Kidogo, naye amelipokea jina hilo kama cheo.

Jumamosi moja adhuhuri redio yake ya mtandaoni ilikatika. Aliiendesha kwenye seva ya kukodi iliyoko Chicago, seva ambayo hajawahi kuitia machoni, akizipigia familia zilizotoka pwani, zinazoishi miji ya jirani kuanzia Burnsville hadi Coon Rapids, kasida na darsa za marehemu baba yake, Maalim Abubakari. Kanda za asili zilikwisha kuota ukungu Mombasa. Nakala arobaini na tatu zilizosalimika zilikuwa kwenye seva hiyo tu, na kila wiki Arafa alijiapia kuziweka kwingine pia. Alikuwa hajaziweka.

Tatizo alilibaini upesi: diski imejaa. Programu yake ya kusafisha sauti ilikuwa ikiacha nakala ya zamani ya kila faili, jina likiishia na .bak, na nakala hizo zilikuwa zimerundikana miezi na miezi.

Fahim, mtoto wa ami yake, alikuwa pale nyumbani akisubiri pilau. Fahim hutengeneza simu katika duka moja Burnsville, na tangu hapo hakuna mashine duniani anayoiogopa.

"Nimeipata dawa," akasema, akimsukumia simu. "Iko forum, kule watu wanakoulizana mambo ya kompyuta. Copy, paste, enter, tule."

Arafa akasoma:

sudo find / -type f -iname '*bak*' -delete

"Watu mia tatu wamempa aliyeiandika thumbs up, dadangu! Wewe wangoja nini?"

"Nangoja chai. Nenda kaitie hiliki."

Fahim alipoondoka, Arafa akaichambua amri kipande kwa kipande, huku ukurasa wa maelezo ya find ukiwa wazi kando. Sudo: kwa mamlaka yote. Mkwaju ule, alama ya /, peke yake: kuanzia mzizi wa seva nzima. Iname: jina, herufi kubwa au ndogo ni mamoja. Na nyota mbili, moja mbele ya bak, moja nyuma yake: chochote kitangulie, chochote kifuate. Mwisho kabisa, delete, ambayo haiulizi wala haina pipa la taka la kuokotea.

Basi akaliondoa neno la mwisho, akaweka -print, ili amri iyataje tu mafaili bila kuyagusa. Sudo nayo akaitupa. Akaielekeza kwenye folda ya redio peke yake. Akabonyeza.

Zikaja nakala za zamani, kama alivyotarajia. Ikaja kasida ya bakora. Kisha ikaja Abubakari-01.wav. Abubakari-02.wav. Zote, hadi arobaini na tatu.

A-bu-bak-ari. Arafa aliigusa kwa kidole bak ile ya katikati ya jina. Aliogopa, akakasirika, akamkumbuka baba yake, vyote kwa mpigo. Halafu akasikia vikombe vikigongana jikoni, na ushetani ukampanda.

Akafuta skrini, akaiandika tena amri ile ile yenye -print.

"Fahim! Njoo ubonyeze mwenyewe, usije ukasema nakunyima sifa."

Fahim hakusoma. Alibonyeza kwa madaha, kidole juu. Majina yakateremka. Abubakari-01, Abubakari-02...

"Arafa! Ni darsa za ami hizi! Wallahi nimemmaliza ami! Stop, stop, stop!"

Arafa alimwacha ahangaike kwa muda ambao hata yeye baadaye alikiri ulizidi kidogo.

"Yametajwa tu," akasema hatimaye. "Soma mwisho wa mstari."

Fahim akasoma, akakaa chini. "Lakini watu mia tatu..."

"Na katika hao mia tatu, hakuna hata mmoja mwenye baba aitwaye Abubakari."

Kwanza Arafa alizinakili darsa zote kwenye diski ya nyumbani, jambo lililostahili kufanywa tangu mwaka jana. Kisha akaandika '*.wav.bak', nyota moja tu, akaisoma orodha mpaka chini akihakikisha kila nakala faili lake halisi lipo, ndipo -delete ikapata ruhusa. Redio ikarudi hewani.

"Sasa nipe, nami nina trick nyingine," Fahim akasema, mkono tayari kwenye kibodi.

Arafa, akitaka kuhakikisha sauti ni nzima, alikuwa amefungua darsa namba saba: darasa la madrasani, Mombasa, watoto wakipokezana aya, Fahim wa utotoni akiwa miongoni mwao. Sauti ya Maalim ikajaa sebuleni:

"Fahim! Ondoa mkono hapo. Soma kwanza."

Fahim akauondoa mkono.