Picha ya Pongwe Iliyogeuzwa Kushoto Kulia

Mfuko wa shati la mwanamume hukaa kushoto, upande wa moyo. Sikuwahi kudhani kwamba jambo hili, ninalolijua kwa sababu ya miaka mingi ya kupiga pasi mashati ya mume wangu, lingenifaa kazini. Kazi yangu ni uhariri wa habari katika kituo kidogo cha redio hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi ni kukataa picha ambazo watu wamekwisha kuziamini.

Ile ya Pongwe ilinifikia asubuhi kupitia kundi la simu la ndugu zetu. Watoto wengi wadogo wamelala sakafuni juu ya magodoro, chumba kina kiza, mwanamume amesimama mlangoni. Mmoja wa watoto alikuwa amezungushiwa duara jekundu. Chini paliwekwa utepe mweusi wenye maandishi meupe: watoto wetu wanalishwa dawa za usingizi Pongwe, mama anayewalea ni wakala wa wauza watoto, sambaza kabla hawajaifuta. Hakuna aliyeeleza ni nani atakayeifuta.

Huyo mama nilimfahamu kwa sifa. Ni mjane wa Kibondei, amefungua ukumbi wa nyumba yake kulea watoto wa wanawake wanaouza sokoni. Mjukuu wa shangazi yangu, binti wa miaka mitatu, alikuwa kwake asubuhi ileile. Shangazi anakaa Makorora, na kabla sijamaliza kusoma utepe alikuwa amenipigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeona? Mwanangu keshatoka sokoni, amekwenda kumchukua mtoto. Na nyie redio mmekaa kimya."

"Shangazi, picha hii imetoka wapi?"

"Imetoka Pongwe. Si imeandikwa?"

Nilimwomba anipe muda. Akasema muda ndio wanaoutaka wale wauza watoto, akakata.

Nilipofika kituoni, mkuu wangu alikuwa ameshaifungua kwenye kompyuta yake. Vituo vingine, alisema, vingeitoa kabla ya taarifa ya saa saba, nasi tungeonekana tumelala. Nikamwambia kwamba hatujui hata kama chumba kile kiko Tanzania. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia wa picha. Pale palikuwa na boksi lililokatwa na mwisho wa picha, na juu yake herufi mbili kubwa zilizobaki: TA.

"Tanga," alisema. "Unataka nini zaidi?"

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeshaiona ile TA. Kwenye kundi watu walikuwa wakiandikiana kwamba boksi ni la kiwanda cha Tanga, na mmoja akadai amewahi kulibeba.

Nikakaa kufanya ninachofanya kila mara. Nikaipeleka picha kwenye mtandao wa kutafuta kwa picha, ule ambao unaupa picha nao unakuonyesha ilikotumika zamani. Ukaniletea mabweni ya shule, tangazo la magodoro, na picha za watoto waliolala ambao si hawa. Nikajaribu mtandao wa pili; hali ni ileile. Mkuu wangu akasimama nyuma ya kiti changu na kutamka lile neno ambalo kila mtu hulitamka wakati huo.

"Basi ni mpya. Ingekuwa ya zamani ungeiona."

Hapo ndipo huwa nachoka. Kutokuonekana si ushahidi wa upya. Anayetaka kupoteza nyayo za picha ana hila mbili nyepesi ambazo hata simu ya bei ndogo inaweza kuzifanya. Anaigeuza kushoto kuwa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo, kisha anakata kingo kidogo. Jicho la mtu halioni tofauti, ila mtandao unaweza kuiona kama picha nyingine kabisa. Akiongeza utepe wa maandishi na duara jekundu, kazi inazidi kuwa ngumu. Nilimweleza mkuu wangu hayo kwa mara ya ngapi sijui. Akatazama saa ya ukutani.

Niliacha kuangalia watoto, kwa sababu watoto waliolala hawana kushoto wala kulia. Nikamkuza yule mwanamume wa mlangoni. Shati lake la mikono mifupi lilikuwa na mfuko kifuani, na mfuko ulikuwa upande wake wa kulia. Nikatazama vifungo: upande wa kulia wa shati ndio uliolalia juu ya ule wa kushoto, kama blauzi ya mwanamke. Kasoro moja ingeweza kuwa ya fundi. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa zinaniambia kwamba picha imepinduliwa.

"Na ile TA?" mkuu wangu aliuliza.

"T na A hazibadiliki kwenye kioo. Ukizipindua zinabaki T na A, ila mpangilio wake unageuka. Hapa si TA, ni AT, na ni mwisho wa neno badala ya mwanzo."

Hakuonekana kushawishika. Alionekana kama mtu aliyeuziwa samaki kwa maneno mengi.

Kwanza nikaukata utepe mweusi wa chini, maana maandishi yake yameandikwa baada ya picha kupinduliwa na hayanifai kitu. Kisha nikaipindua picha iliyobaki, irudi upande wake wa asili. Nikaitafuta. Bado palikuja magodoro. Lile duara jekundu lilikuwa katikati kabisa, nalo lilikuwa linausumbua mtandao. Kwa hiyo nikaiacha picha nzima, nikakata kipande kisicho na duara: mlango, mwanamume, dirisha lenye nondo, na ufa ulioshuka ukutani kama mzizi. Nikatafuta kipande hicho peke yake.

Wakati kinatafutwa, simu ya mezani ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa, kule Pongwe. Sauti yake ilikuwa ya chini, nyuma yake kuna kelele za watu.

"Mna lolote kuhusu hii picha? Watu wamejaa hapa. Wamevunja dirisha. Polisi wako njiani, lakini sijui nani atawahi."

"Mama yumo ndani?"

"Yumo, na watoto. Amefunga mlango."

Nilipogeuka kwenye kompyuta, ilikuwa imeshakuja. Ukurasa wa Kifaransa, wa miaka kadhaa nyuma. Ukuta ule, ufa ule, mwanamume yule na mfuko wake kushoto. Picha ilikuwa pana kuliko ya kwetu pande zote. Kwenye ukingo wa kushoto boksi lilikuwa zima, limeandikwa CHOCOLAT, yaani chokoleti, na chini palikuwa na jina la mpiga picha, ndilo lililokatwa. Maelezo yalisema ni watoto waliohifadhiwa darasani baada ya mafuriko, katika nchi moja ya Afrika Magharibi, na mwanamume ni mwalimu wao. Sikutosheka na ukurasa mmoja. Nikatafuta tena kwa ile picha pana, safari hii zikaja kurasa nyingi, nikazifuata hadi ya zamani kuliko zote. Habari ilikuwa ileile. Nikalinganisha maua ya magodoro moja baada ya jingine. Yalikuwa yaleyale.

Nikaziweka picha mbili bega kwa bega, nikampelekea mwenyekiti, nikachukua bodaboda mwenyewe. Mkuu wangu aliniambia nirudi kabla ya taarifa.

Pongwe nilikuta umati umejipanga hadi barabarani, wanawake mbele. Polisi walikuwa wamefika kabla yangu na wamesimama kwenye ngazi. Mwenyekiti alikuwa akiinua simu yake juu, lakini nani ataona kitu kwenye kioo cha simu juani? Nikaanza kumwonyesha mmoja mmoja. Mwanamke aliyebeba beseni la maandazi kichwani alitazama kwa makini, akaniangalia usoni.

"Sasa hii ndiyo iliyogeuzwa, au ile?"

"Ile mliyotumiwa ndiyo iliyogeuzwa. Hii ndiyo ya asili."

"Tutajuaje kwamba si wewe uliyegeuza?"

Lilikuwa swali la haki, na lilinikera kwa sababu lilikuwa la haki. Nikamwambia aangalie boksi. Neno likisomeka sawasawa, picha imekaa sawasawa. Akalisoma herufi kwa herufi. Halafu akasema, "Haya, si ya hapa. Lakini mbona wamtaje yeye? Lisemwalo lipo."

Methali hiyo niliisikia pale mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Ningeweza kuonyesha mfuko wa shati, ufa na magodoro, lakini methali haina picha ya asili ya kuitafuta. Binti wa shangazi yangu alikuwa mbele kabisa, macho mekundu, anamlilia mwanawe. Nilimshika mkono, nikamwonyesha, akasema, "Dada, mimi nataka mtoto tu."

Polisi walipofungua mlango, watoto walitoka wazima, baadhi wanalia kwa sababu ya kioo kilichovunjika, mmoja ana uji kidevuni. Kila mama alimnyakua wake. Wengi waliondoka bila kugeuka. Mwenye nyumba alibaki ukumbini na ufagio, anafagia vioo. Nilimpa pole, nikamweleza picha ilikotoka, na jinsi ilivyopinduliwa na kukatwa. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwanangu," alisema, "huko Afrika Magharibi mimi sijafika. Hayo ningewaambia hata bila mashine."

Tulitangaza siku hiyo. Mkuu wangu aliisoma habari mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na shaka tangu mwanzo. Polisi walimfuatilia aliyeanzisha, wakafika kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyejua chochote, na mambo yakaishia hapo. Mwenyekiti alichangisha, dirisha likawekwa kioo kipya. Binti wa shangazi alimrudisha mtoto baada ya wiki kadhaa, kwa aibu, akiwa amebeba kilo mbili za mchele wa Pemba. Yule mjane alimpokea mtoto na mchele. Lakini karibu nusu ya watoto hawakurudi kabisa, na wanawake wawili sasa wanauza na watoto wao wakiwa wamelala chini ya meza.

Picha yenyewe ilirudi kabla ya mvua za vuli. Safari hii ilikuwa imekaa upande wake wa kweli, mfuko kushoto, ila imekatwa zaidi, boksi limeondolewa lote, na utepe unataja Muheza. Niliipata kwa kipande kilekile cha dirisha na ufa. Nikaandika maelezo, nikayatuma kwenye makundi yote niliyomo. Shangazi alikuwa wa kwanza kujibu.

"Kwa hiyo ile ya Pongwe haikuwa kweli," aliandika. "Ilikuwa ya Muheza."

Niliiweka simu juu ya meza, nikaenda kupika chai. Baadaye nikampigia, nikaanza upya.