Vyuma vya Juu ya Paa

Juu ya nyumba ya baba, nje kidogo ya mji wa Kakamega, vilichomoza vyuma: vinne kila kona, na vinne katikati. Paa lenyewe lilikuwa slabu ya zege, na kila mgeni alioneshwa vyuma hivyo kabla ya kukaribishwa chai. "Hii ni ya ghorofa," baba angesema. "Msingi uko tayari, tunangojea mfuko ujae tu." Vile vya katikati nilivikuta nilipotoka chuo cha ualimu, wala sikuuliza vilitoka wapi. Mama alifunga kamba ya nguo kona hadi kona, kwa hiyo kwa miaka mingi ghorofa yetu ilikuwa ya mashuka na soksi.

Ndoa yangu ilivunjika katikati ya miaka ya tisini, nikarudi na binti zangu wawili. Kwetu binti aliyerudi hagawiwi mahali pa kujenga katika boma la babake, na kaka zangu walishanikumbusha hilo kwa upole wa kuudhi. Lakini juu ya paa hakuna shamba la kugombaniwa. Nilikuwa na mshahara na akiba kidogo, na nilitaka vyumba viwili tu huko juu. Vikishindikana, ningeenda kupanga chumba kimoja karibu na soko, mimi na watoto na jiko la makaa.

Ajabu ni kwamba matofali yalipofika, baba akaanza visingizio. Mara mvua inakuja, mara fundi wake amehamia Kabras, mara tungoje mahindi yaliyoanikwa juu yakauke. Nilikasirika sana. Nilidhani kaka zangu wamemjaza maneno, na mimi si mtu wa kubembeleza, nikaenda mjini kuita injinia.

Alikuja mama wa makamo mwenye viatu vya gambuti na tepu ya kupimia.

"Hao watu wa ofisi wanatafutanga makosa tu," baba alimwambia mama yangu, kwa sauti ya kusikika.

"Mzee, sitafuti makosa," injinia akacheka. "Natafuta uzito utashukia wapi."

Alitueleza kwamba slabu ile ilizoea kujibeba yenyewe na mahindi yetu. Sasa ingekuwa sakafu, ibebe kuta, vitanda, watu na paa jingine, na mzigo wote huo lazima ufike ardhini salama. Akachimbisha shimo katika kila kona mpaka chini ya msingi. Kila nguzo ilikuwa imekalia kitako kipana cha zege, juu ya udongo mgumu. Akabomoa zege kidogo kwenye nguzo, akapima unene wa vyuma, akaandika. Kona zilikuwa nzuri. Nilimtazama baba nikitarajia majivuno yake ya kawaida, lakini alikuwa anatazama miguu yake.

Tukaingia sebuleni, chini ya vile vyuma vya katikati, mahali ambapo mzigo ungekuwa mkubwa kuliko kote. Injinia akabandua plasta. Hapakuwa na nguzo. Palikuwa na ukuta wa tofali moja, na tulipofukua chini yake, msingi ulikuwa mwembamba na wa juujuu. Akapanda juu ya paa, nasi tukamfuata, akagongagonga saruji kwenye shina la chuma kimoja, akakivuta. Kilitoka kama mhogo. Kilikuwa kimeingia urefu wa kidole tu.

"Baba!" nilipiga kelele hadi jirani akachungulia. "Umekuwa ukituonesha nini miaka yote hii?"

Alikaa kwenye ukingo wa paa.

"Nilivichomeka wiki ile wakwe walikuwa wanakuja kukuchukua," alisema. "Zile kona peke yake zilionekana kama za mtu aliyekwama kujenga. Nilitaka ukigeuka kuangalia nyumbani, uone nafasi bado iko."

Nilikuwa na maneno mengine makali tayari, nikayaacha. Nililia mbele ya injinia, na sikuona aibu.

Injinia alikwenda kufanya hesabu, akarudi na mchoro. Ghorofa iliwezekana, ila si juu ya ukuta ule. Slabu ingeegemezwa kwanza kwa miti ya mkaratusi, kisha zisimamishwe nguzo tatu mpya zenye vitako vyao, mbili kwenye kuta za pembeni na moja katikati ya sebule, zibebe boriti ya zege chini ya slabu. Na ile ya katikati ingesimama palepale penye kiti cha baba, kiti ambacho hata wajukuu hawakuruhusiwa kukikalia.

Mama alinitazama. Sote tulingoja ugomvi.

Baba aliinuka, akakiburuta kiti mwenyewe mpaka jikoni, akarudi na jembe. Alisimama juu ya alama ya chaki aliyoichora injinia, akanikabidhi mpini.

"Anza wewe," aliniambia. "Safari hii iende mpaka chini."