Wifi Aliyeishitaki Pasi

Wifi yangu ana mdomo, na sitamsingizia upole. Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kunywa chai siku moja baada ya kazi, akaonana na kaka yangu, na chai hiyo hajaimaliza mpaka leo, ana watoto wawili. Wote wawili tunafanya kazi kwenye chumba cha dobi cha hoteli kubwa. Mimi niko kona ya cherehani, nashona mashuka yaliyochanika. Yeye alikuwa kwenye pasi ya roli, ile mashine ndefu inayomeza shuka bichi upande huu na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka na lina moto. Huko kazini wanamwita Mama Mvuke.

Pasi ile ina chuma cha kinga mbele ya roli. Mkono ukikigusa, mashine inasimama. Kinga ilipoharibika, msimamizi wetu aliifunga kwa waya ili mashine isiwe inazimika ovyo. Huyo tunamwita Sawasawa, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Wifi alimwambia aite fundi. "Sawasawa," akasema. Akamwambia tena. "Sawasawa, mama." Kisha binti anayefanya naye kazi, yule tunayemwita Kicheko, akaungua vidole.

Jioni hiyo Wifi aliandika malalamiko kwa afisa wa wafanyakazi, nakala kwa chama cha wafanyakazi. Mashine ikazimwa, fundi akaja, kinga ikarudi mahali pake. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga kwa nguvu kuliko wote, mjinga mimi, nikidhani yameisha.

Sawasawa hakugomba. Angegomba ningemwelewa. Alitabasamu, akabandika ratiba mpya ukutani, na Wifi akajikuta chumba cha nyuma, kwenye kuchambua nguo chafu za wageni: taulo zenye matapishi, mashuka yenye mambo nisiyotaka kuyataja. Zamu yake ikakatwa vipande viwili, asubuhi na jioni, mchana katikati hana kazi wala hana muda wa kufika nyumbani. Watoto aliwaacha wamelala, akawakuta wamelala. Kisha ikaja nafasi ya kiongozi wa zamu. Wifi alikuwa akiishika kila kiongozi wa zamani alipougua, na kiongozi huyo alipostaafu hakuna aliyebisha kwamba nafasi ni ya Mama Mvuke. Sawasawa aliwasaili waombaji yeye mwenyewe, peke yake. Akampa Kicheko, ambaye bado alikuwa akimuuliza Wifi kitufe cha kuzimia mashine ni kipi.

Nyumbani kaka yangu, ambaye ni seremala na hajawahi kuwa na bosi, aliweka nyundo mezani. "Mke wangu, acha kazi hiyo. Tutakula kidogo."

"Niache nimfurahishe nani?" Wifi akasema. "Nafasi ile naitaka. Naitaka hasa. Nimeitolea jasho, na sitajifanya siitaki eti kwa sababu wamenionea."

"Basi kesho usiingie hiyo zamu ya jioni," nikasema mimi, damu ikinichemka. "Tuone atakufanya nini!"

Bahati nzuri hakunisikiliza. Alikwenda nami kwa mpishi wa supu wa hoteli, jitu la miraba minne, mwakilishi wa chama chetu, anayeongea polepole kama anayesubiri maji yachemke. Alitukaribisha kwenye viti vya plastiki nyuma ya jiko.

"Zamu mpya unaipinga, lakini unaiingia," akasema. "Ukigoma peke yako utampa sababu halali ya kukuadhibu, na sababu halali ndicho kitu anachokikosa. Andika kwamba unaingia huku unapinga. Halafu tunafungua malalamiko ya pili. Yale ya kwanza yalihusu mashine. Haya yanahusu kilichokupata kwa sababu ya yale."

"Na asikilize nani? Sawasawa?"

"Anayelalamikiwa hawezi kuwa hakimu, dada yangu. Na utakuwa na mimi."

Wifi akaingia zamu zake, akachambua taulo zake, wala hakuchelewa hata siku moja. Alikuwa akirudi akinuka dawa na hasira, anakaa kitini bila kuvua viatu. Lakini kichwa aliinua.

Siku ya kikao niliitwa kama shahidi, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Mwenyekiti alikuwa meneja wa idara nyingine. Afisa wa wafanyakazi aliandika. Sawasawa alikuja amenyoa vizuri, na majibu yake ameyapanga: kuhamishwa ni mzunguko wa kawaida, na kwenye usaili Kicheko alifanya vizuri zaidi. Nikatazama meza. Maneno yale yalisikika safi kabisa, nami nikaanza kuogopa.

Mpishi hakumuuliza habari za mzunguko. Alimuuliza, kwa ile sauti yake ya kukoroga sufuria, "Bwana mkubwa, umeongoza chumba hiki muda mrefu. Kiongozi mzuri wa zamu unamtambuaje?"

Jamani, mwanaume anapenda kusifiwa! Sawasawa alijinyoosha kitini. Akasema habari za bidii, habari za usafi, halafu akaegemea mbele kama anayetupa siri ya mafanikio. "Kikubwa ni uaminifu. Mambo ya chumba yaishie chumbani. Mtu anayekimbilia kuandika barua kwa wakubwa, huyo hata afanye kazi kama mashine, siwezi kumpa wenzake awaongoze. Lazima kwanza akae pembeni ajifunze."

Aliamini anajisifu. Wifi akanibana kidole cha mguu kwa kiatu chake.

"Nimekuelewa," mpishi akasema. "Utarudia taratibu, ili afisa aandike?"

"Sawasawa," akasema Sawasawa, na akarudia.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakukuwa tena na haja ya ushahidi wangu, nami nilikuwa nimevaa gauni jipya bure.

Uamuzi ulisema wazi kwamba Wifi ameadhibiwa kwa kulalamika. Arudishwe kwenye pasi na zamu yake ya zamani, Sawasawa apewe onyo la maandishi, na usaili urudiwe mbele ya watu wengine. Nafasi hawakumpa mkononi. Ilibidi aigombee upya na Kicheko, na aliigombea. Kicheko alikuwa wa kwanza kumkumbatia aliposhinda. "Mimi kile kitufe bado kinanitisha," akamnong'oneza.

Ningependa kuishia hapo, lakini mimi nami nina mdomo.

Wifi alipoanza kupanga zamu alinipa wikendi mfululizo. Wenzangu walipumzika, mimi niko kwenye cherehani. Nilimwambia nyumbani, akacheka. Nikamwambia kazini, akasema akinipendelea watu watasema. Kwa hiyo mimi ndiye nilipie uwifi wetu? Nilimwandikia afisa wa wafanyakazi, nakala kwa mpishi.

Wifi alipoitwa ofisini alirudi mishipa ya shingo imemsimama. Alipita kwenye kona yangu bila salamu. Nilivuta uzi hadi ukakatika, maana nilijua ratiba mpya inabandikwa saa yoyote, na chumba cha nyuma nilikijua kinavyonuka.

Aliibandika, akaondoka. Nikaenda kuisoma, nikianza na orodha ya chumba cha nyuma. Wikendi zimegawanywa kwa wote. Mimi niko kona yangu ya cherehani, zamu ile ile.

Jioni alikuja jikoni kwa mama yangu, akanimiminia chai kwa kishindo hadi ikamwagika kwenye sahani.

"Umenichongea kwa wakubwa, wifi."

"Ndiyo."

"Nimekasirika sana."

"Najua."

"Haya, kunywa," akasema. "Kesho usichelewe, kuna mashuka mengi."